Sura ya Sita: Waifai ya Kulipia

Katika kila simu na kila kompyuta ya zama hizi imo amri moja fupi ambayo watu wengi huitegemea kuwa kinga ya fedha zao, nayo ni ile isemayo kwamba masasisho makubwa yasipakuliwe ila kwa waifai peke yake. Na mtu akishaibonyeza hulala kwa amani, akiamini kwamba bando lake limo katika hifadhi. Amri hiyo ni njema, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba waifai ni kitu cha nyumbani, hulipiwa kwa mwezi, na aitumiaye sana na aitumiaye kidogo hulipa sawa. Huku kwetu, tangu mwambao hadi bara, aghalabu waifai ya duka, ya ofisi ndogo au ya chumba cha mwanafunzi haitoki katika waya uliopita ukutani. Hutoka katika simu ya mtu ambaye amenunua bando kwa fedha taslimu, akawasha hotspoti, ambayo simu zenye kuandika Kiswahili huiita mtandaopepe, kisha akaigawia kompyuta yake sehemu ya kile alichokinunua. Kompyuta huiona waifai, hukumbuka kwamba imeruhusiwa kupakua kwa waifai, na hufanya kama ilivyoamriwa. Hali yake ni ya mtumishi aliyekatazwa kununua maji ya madumu akaambiwa ateke bombani, naye alipokuta bomba likitiririka akajaza mapipa yote ya nyumba, pasipo kuuliza mita ya bomba hilo yasomwa kwa jina la nani.

Nimechagua kulizungumzia jambo hili katika hali moja tu, yaani kompyuta ya Windows inayokunywa data kutoka simu ya Android, kwa sababu katika kuunganika kwa vyombo hivyo viwili ndimo inamopotea data nyingi kuliko penginepo, na ndimo ambamo mwenye mali huwa wa mwisho kujua.

Yafaa kwanza kufahamu kompyuta huijuaje bei ya njia. Ukweli ni kwamba haiijui, hukisia tu. Windows ikiunganishwa na mtandao kwa laini ya simu iliyotiwa ndani ya kompyuta yenyewe, huidhania njia hiyo kuwa ni ya kupimwa, nayo hujizuia; lakini ikiunganishwa kwa waifai, huidhania kuwa haina kipimo, mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Simu mbili za Android husikilizana vizuri zaidi, kwani simu inayogawa huweza kuinong'oneza inayopokea, wakati ule ule wa kuipa anwani ya mtandao, kwamba njia hii yapimwa, na inayopokea ikajihadhari yenyewe. Kompyuta ya Windows haiutegemei mnong'ono huo, na kile kirauta kidogo cha mfukoni chenye laini ndani yake, ambacho wengi hukiita maifai, aghalabu hakinong'onezi kitu. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuona simu ya mwanawe ikitulia juu ya hotspoti yake, akadhani kwamba na kompyuta itatulia vivyo hivyo, amepotea kwa dalili iliyokuwa sahihi mahali pengine.

Natuweke mfano wa duka la steshenari la mjini, lenye kompyuta mbili za kuchapia barua na kujazia fomu za serikali mtandaoni, mashine ya fotokopi, na simu ya mwenye duka iliyo juu ya kaunta ikigawa hotspoti kutwa. Mwenye duka amenunua bando la gigabaiti 10, ambalo kwa kazi za kawaida, za barua pepe na fomu na nyaraka ambazo wateja huzileta kwa WhatsApp, humtosha juma zima na akiba ikabaki. Siku ya pili asubuhi analetewa ujumbe kwamba bando lake limekwisha kupita nusu. Wazo la kwanza la watu wengi katika hali hii ni kuishutumu kampuni ya simu kwamba imewaibia, na la pili ni kumshutumu kijana wa kazi kwamba ametazama filamu. Mwenye duka wetu ni mtu wa mizani, naye ana ada moja ambayo ningependa kila msomaji aichukue: kila anunuapo bando huandika kipimo kinachoonyeshwa na simu yake, kisha hufuta hesabu ya matumizi katika kila kompyuta, ili bando na hesabu vianze pamoja.

Anaanza na simu. Katika mipangilio ya mtandao, mahali panapoonyesha matumizi ya data kwa kila programu, pana mstari mmoja wa hotspoti, ambao hujumlisha yote yaliyotoka kwenda kwa vyombo vingine bila ya kuvitaja vyombo hivyo. Na mstari huo umepanda kwa gigabaiti 6.8 tangu aliponunua bando. Hapo kampuni ya simu imekwisha kutoka katika tuhuma, kwa kuwa data imepita katika simu yake mwenyewe. Anakwenda katika kompyuta, anafungua Settings, kisha Network & internet, kisha Advanced network settings, kisha Data usage. Kompyuta ya kwanza imetumia gigabaiti 0.9, karibu zote kwa kivinjari. Ya pili imetumia 5.6, na katika hizo 4.9 zimeandikwa kwa jina la System, ambalo ni jina ambalo Windows hulitumia mara nyingi kwa kazi zake yenyewe. Jumla ya kompyuta mbili ni 6.5, iliyobaki, 0.3, ni ya simu ya rafiki aliyepewa nywila mchana akangojea fotokopi. Hesabu imefungamana, na kijana wa kazi naye ametoka katika tuhuma. Imebaki hatua moja ya kuthibitisha: anafungua Windows Update, kisha Update history, na huko analikuta sasisho la toleo jipya zima la Windows, lililopakuliwa usiku ambao aliiacha simu dukani ikichaji huku hotspoti ikiwaka.

Nimeieleza safari hiyo ya hesabu kwa kirefu kwa sababu dawa isiyotanguliwa na hesabu hutibu ugonjwa wa kukisia. Yamkini katika duka jingine mwizi akawa ni programu ya kuhifadhi picha, au duka la michezo ya kompyuta, au kingavirusi. Na mwenye kuzima masasisho ya Windows kwa hasira atakuwa ameiacha nafasi ya hasara wazi, na kuifunga nafasi ya usalama.

Maana lazima niseme neno kuhusu kuzima masasisho kabisa, jambo ambalo mafundi wengi wa mitaani huwafanyia wateja wao kama hisani. Mwezi wa Machi mwaka 2017 Microsoft ilitoa sasisho lililoziba tundu moja la Windows. Na tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kiasi cha miezi miwili baadaye, programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika tundu lile lile, ikazifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Kompyuta zilizokuwa zimelipokea sasisho la Machi zilisalimika na tundu hilo. Kompyuta ya steshenari, ambayo kutwa huchomekwa flashi za wateja wa kila namna, ina haja kubwa kuliko nyingine nyingi ya kuwa na masasisho yake. Basi shauri langu lote katika sura hii ni la kuyachagulia njia na saa, wala halimo ndani yake hata neno moja la kuyakataa.

Njia huchaguliwa hivi. Katika Windows 11, mtu hufungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha huingia katika sifa za mtandao aliounganishwa nao na kuwasha kitufe cha Metered connection; katika Windows 10 kitufe hicho kimeandikwa Set as metered connection. Kisha hufungua Windows Update, Advanced options, na kuhakikisha kwamba Download updates over metered connections kimezimwa, kwa maana kikiwa kimewashwa kile cha kwanza hakina nguvu juu ya masasisho. Tangu hapo Windows huzuia masasisho makubwa, duka la programu la Microsoft huacha kusasisha programu kimya kimya, na OneDrive husimamisha kazi yake na kutoa taarifa. Machache madogo ambayo Microsoft huyaona ya lazima huweza kupita bado, na programu za watu wengine hazina sharti la kuitii alama hii, kwa hiyo kila moja hupaswa kutazamwa katika mipangilio yake. Hata hivyo sehemu kubwa ya mvujo imezibwa.

Yapo makosa mawili ambayo huifanya alama hii ionekane kana kwamba imefutika yenyewe, na yote mawili chanzo chake ni kimoja, nacho ni kwamba alama huandikwa juu ya jina la mtandao mmoja, haiandikwi juu ya kompyuta. La kwanza ni kubadilisha simu. Mwenye duka akisafiri na kumwachia nduguye kazi, na ndugu akawasha hotspoti ya simu yake yenye jina jingine, kompyuta huuona mtandao mpya usio na alama, na usiku huo huo huanza kupakua; kadhalika akiibadilisha simu yake jina, au akiuamuru mtandao usahauliwe kisha akauunganisha upya. Basi ni vyema simu zote za duka zipewe jina moja na nywila moja ya hotspoti, ili kompyuta izione kuwa ni mtandao ule ule, na alama ifanye kazi kwa yeyote atakayekuwa zamu. La pili ni waya. Simu ikichaji kwa kompyuta, mtu huweza kugawa data kwa waya wa USB, na njia hiyo hudumu vizuri kuliko waifai; lakini Windows haiiiti waifai, huiita Ethernet, yaani huiweka katika fungu la nyaya za ofisini, na alama yake ya kupimwa iko katika ukurasa wa Ethernet peke yake. Nimeona watu waliokuwa wametia alama ya waifai kwa uangalifu mkubwa wakapoteza bando zima kwa waya ule.

Njia ikishafungwa, huja swali la saa, nalo lina pande mbili: saa ambayo masasisho hutoka, na saa ambayo data ni rahisi. Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama ya kila mwezi Jumanne ya pili ya mwezi, desturi iliyoanza Oktoba 2003, na huyatoa asubuhi ya saa nne kwa majira ya magharibi ya Marekani, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu za usiku, kwa kutegemea kama wao wamesogeza saa zao mbele au la. Kwa hiyo duka lenye hotspoti isiyo na alama hushambuliwa kuanzia usiku wa Jumanne hiyo na siku chache zifuatazo, na mwenye kukumbuka kalenda hii huweza kubashiri mwezi mzima lini bando litaumia. Sasisho la kila mwezi mara nyingi ni la mamia ya megabaiti, na pengine hupita gigabaiti. Toleo jipya zima, ambalo huja kwa mwaka mara moja, huchukua gigabaiti 3 au 4 na zaidi.

Upande wa pili ni bando la usiku, ambalo kampuni kadhaa za simu huliuza kwa bei iliyo chini ya lile la mchana kwa kiasi hicho hicho, kwa sharti kwamba litumike katika saa ambazo watu wengi wamelala. Masharti ya kila bando hayana budi kusomwa, kwani saa zake hutofautiana, na huandikwa kwa namna ya kizungu: bando lisemalo 00:00 hadi 05:00 laanza saa sita kamili ya usiku na kwisha saa kumi na moja ya alfajiri, na saa ya kompyuta nayo husoma hivyo hivyo. Kosa la kuiweka ratiba saa 06:00 kwa kudhani ni saa sita ya usiku huipeleka kazi yote saa kumi na mbili asubuhi, bando la usiku likiwa limekwisha kufa.

Kabla ya kununua, mtu apime kama saa hizo zitamtosha. Tuseme hotspoti ya duka letu usiku hutoa megabiti 4 kwa sekunde, kasi ya wastani ambayo mahali pengi huipata au huipita usiku. Megabiti 4 ni nusu ya megabaiti, kwa kuwa baiti moja ni biti 8; nusu megabaiti kwa sekunde ni megabaiti 1,800 kwa saa. Toleo jipya la gigabaiti 4 litahitaji basi saa mbili na robo hivi, na dirisha la saa tano litalitosheleza pamoja na sasisho la mwezi, hata kama kasi itapungua kidogo. Ingalikuwa ni megabiti 1 kwa sekunde, kazi ile ingehitaji kama saa tisa, na mwenye duka angejua tangu mwanzo kwamba kazi yake itakwenda usiku mbili. Hilo si baya, kwani Windows hupakua kwa vipande na huendelea pale ilipoishia; umeme ukikatika au mtandao ukipotea, yaliyokwisha kushushwa hayapotei.

Hapa pana jambo moja ambalo huwakosesha wengi. Windows ina mpangilio uitwao Active hours, na jina lake humfanya mtu adhani kwamba akiandika humo saa zake za kazi, upakuaji utafanyika nje ya saa hizo. Sivyo. Mpangilio huo huzuia kompyuta isijizime na kujiwasha yenyewe mteja akiwa amekaa. Haugusi upakuaji hata kidogo. Ratiba ya upakuaji yapasa kutengenezwa na mtu mwenyewe, na njia nyepesi kuliko zote ni ya mkono: mtandao ubaki na alama ya kupimwa mwezi mzima, usiku uliokusudiwa, baada ya saa sita kupita na ujumbe wa kuthibitisha bando la usiku kuingia, mtu afungue Windows Update, alikute sasisho linalomngoja, abonyeze kitufe cha kulipakua, kisha alale. Alama haiondolewi, kwa hiyo hakuna jambo la kusahau kurudisha.

Kwa asiyependa kukesha, kompyuta huweza kuamriwa kuiondoa alama na kuirudisha kwa saa. Ndani ya Windows imo programu ya Task Scheduler, ambayo hutekeleza amri kwa wakati uliopangwa, na amri zinazohitajika ni mbili tu. Tuchukulie kwamba hotspoti ya duka inaitwa DUKA. Ya kwanza ipangwe saa 00:15, na ya pili saa 04:40, zote kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta:

```
netsh wlan set profileparameter name="DUKA" cost=Unrestricted
netsh wlan set profileparameter name="DUKA" cost=Fixed
```

Dakika kumi na tano za mwanzo ni za tahadhari, isije kompyuta ikaanza kabla ya bando, na dakika ishirini za mwisho ni kwa ajili hiyo hiyo. Mtu ajaribu kwanza mchana, kwa kutoa amri, kukata waifai na kuiunganisha tena, kisha kuandika `netsh wlan show profiles name="DUKA"` na kutazama mstari wa Cost kama umebadilika. Lakini nampa msomaji hadhari ya wazi juu ya njia hii: kuufungua mlango si kumwita mgeni. Windows hukagua masasisho kwa wakati wake yenyewe, na huenda usiku mmoja ikakaa mlango ukiwa wazi isilete kitu. Njia hii huifaa kazi ya kila mwezi, ambapo usiku mmoja ukikosa wa pili utapata. Kwa sasisho kubwa la mara moja, ambalo bando lake limenunuliwa kwa usiku huo, mkono ni wa kuaminika zaidi.

Kompyuta yenyewe iandaliwe isilale. Ikilala, upakuaji husimama, na asubuhi mtu hukuta bando limekwisha muda wake bila ya kutumika. Basi iachwe juu ya chaji, na katika mipangilio ya umeme iamriwe kutolala ikiwa juu ya chaji, na kifuniko kisifungwe. Simu nayo iwe juu ya chaji, na itazamwe kama ina ule mpangilio wa kuzima hotspoti yenyewe pasipo na chombo kilichounganishwa, kwa kuwa mtandao ukiyumba dakika chache kompyuta ikaachia, simu huizima hotspoti, na hakuna aliye macho kuiwasha.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo ni ya saa kumi na moja. Bando la usiku likifikia ukomo huku kompyuta ingali inapakua, simu haikatiki. Huweza kuhamia bando la mchana, na pasipo bando huweza kuanza kula salio la vocha kwa bei ya rejareja iliyo ghali kuliko zote. Kinga yake imo ndani ya simu ya Android yenyewe, katika mpangilio wa onyo na kikomo cha data, ambao ukiwekwa simu huzima data ya laini pale kikomo kinapofikiwa. Kikomo hicho hupimwa kwa mzunguko wa mwezi, wala si kwa usiku mmoja, kwa hiyo hutiwa kwa kujumlisha: mwenye duka akiona kwamba tangu mwezi uanze simu yake imetumia gigabaiti 12.4, naye amenunua bando la usiku la gigabaiti 5, aandike kikomo cha 17.2, akiacha mbili katika kumi za gigabaiti kwa kuwa kipimo cha simu na kipimo cha kampuni huachana kidogo. Hii humkinga na kuzidi kwa kiasi, lakini haimkingi na kuzidi kwa saa. Kwa hilo simu nyingine zina ratiba za kuzima hotspoti kwa wakati, na isiyo nazo hutaka kengele ya saa kumi na nusu na mtu wa kunyoosha mkono.

Imebaki kompyuta nyingine ya duka, ambayo inahitaji sasisho lile lile, na ambayo wengi huinunulia data mara ya pili bila ya kujua kwamba huenda isihitaji. Windows ina utaratibu uitwao Delivery Optimization, katika Advanced options za Windows Update, ambao kwao kompyuta huweza kuchukua vipande vya sasisho kutoka kompyuta jirani iliyokwisha kuvipata. Humo mna machaguo mawili, na tofauti yake ni ya fedha: la kwanza huruhusu kompyuta za mtandao wa ndani peke yake, na la pili huruhusu pia kompyuta za intaneti nzima, maana yake kompyuta ya duka huweza kuwatumia watu isiowajua vipande vya masasisho kwa data ya mwenye duka. Chaguo la mtandao wa ndani ndilo lifaalo.

Kwa sharti hilo, usiku wa pili mwenye duka huwasha kompyuta zote mbili juu ya hotspoti moja, huondoa alama ya kupimwa katika zote mbili, kwa kuwa utaratibu huu haushiriki katika mtandao wenye alama, na huanza upakuaji katika ile isiyo na sasisho. Matoleo ya Windows katika kompyuta hizo yawe ni mamoja, maana vipande vya toleo moja havilifai jingine. Nazo simu nyingine huzuia vyombo vilivyo juu ya hotspoti yao visionane, na hapo hakuna kitakachovukia. Lililotokea husomwa katika Activity monitor ya Delivery Optimization, ambayo huonyesha kwa sehemu ya mia ni kiasi gani kimetoka Microsoft na kiasi gani kimetoka kompyuta za jirani. Akikuta sehemu ya jirani ni sifuri baada ya dakika kumi, asimamishe, airudishe alama, na aamue kama atainunulia kompyuta hiyo usiku wake au ataibeba hadi mahali penye waifai isiyopimwa, kama maktaba au chuo, kwa idhini ya wenyewe. Akikuta inapanda, aziache zote mbili hadi Windows Update iandike kwamba yahitaji kuwashwa upya. Kuanzia hapo kilichobaki ni kazi ya ndani ya kompyuta, huweza kuchukua nusu saa au zaidi, nayo hufanyika hata hotspoti ikiwa imezimwa.